Somo la Barua ya Kuulizia Bei za Vyakula vya Jiko la Hoteli

Ndugu Wanachama,

Mwenzetu mmoja alituletea ofisini barua aliyoipata kutoka hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Barua yenyewe ilikuwa mistari miwili tu: hoteli yaomba bei za mananasi na samaki "wa kutosha wageni themanini", na majibu yapelekwe upesi. Mwenzetu akauliza ajibu nini. Ukweli ni kwamba barua kama hiyo haijibiki. Huyu atataja bei ya nanasi moja, yule atataja ya kilo, na wa tatu atataja ya pakacha zima. Mnunuzi wa hoteli atabaki na bei tatu asizoweza kuzilinganisha, naye mara nyingi humchukua aliyeandika tarakimu ndogo. Ugomvi huanza siku ya mzigo wa kwanza, mlangoni mwa jiko.

Wengi wetu tuna minanasi na migomba chini ya mikarafuu, na wengine wana ndugu wavuvi, nasi twauzia hoteli. Basi yafaa tujue barua ya kuulizia bei hutungwaje na yule anayeiandika vizuri. Ajuaye hayo ataona mara moja kilichokosekana katika barua aliyoletewa. Kwa hiyo leo tukae katika kiti cha mnunuzi wa hoteli. (Karafuu haimo katika somo hili, soko lake lina sheria zake.)

Mnunuzi haanzi na kalamu ya barua, huanza na hesabu ya wageni. Tuseme hoteli ina vyumba 60, na katika miezi ya wageni wengi, kama Julai hata Septemba, vyumba 42 huwa na watu, wawili wawili. Hao ni wageni 84. Mpishi mkuu asema kila mgeni hupewa gramu 100 za nanasi lililokwisha menywa wakati wa chakula cha asubuhi. Hapo twapata kilo 8 na gramu 400 kwa siku.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Hizo ni kilo za sahani, si kilo za shamba. Nanasi likikatwa kichwa, likamenywa na kutolewa moyo, hubaki kiasi cha nusu ya uzito wake, pengine kidogo zaidi likiwa kubwa. Basi kilo 8.4 za sahani zataka kilo 16.8 za nanasi zima, nasi tuandike 17. Mnunuzi asiyefanya hesabu hii ataagiza nusu ya haja yake, kisha kila asubuhi atampigia simu muuzaji amwongeze. Muuzaji naye atakuwa amekwisha uza kwingine.

Kilo 17 kwa siku ni kilo 119 kwa juma. Lakini muuzaji hapeleki juma zima kwa safari moja, wala hoteli haina baridi ya kutosha kuyaweka yote. Kwa hiyo barua igawe mzigo kwa siku. Jumamosi kilo 34, za asubuhi ya Jumapili na Jumatatu. Jumatatu kilo 51, za Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Alhamisi kilo 34, za Ijumaa na Jumamosi. Mkulima akiyaona hayo ajua avune lini na achukue gari gani. Akiona "kilo 119 kwa juma" peke yake, hajui kitu.

Baada ya uzito huja sifa ya kitu chenyewe. "Nanasi zuri" si sifa, kwani kila mtu ana zuri lake. Andika: kila moja kilo 1 na nusu hata 2, lisilo na jeraha wala sehemu laini, ganda limeanza kugeuka manjano kuanzia chini, angalau robo yake. Sharti hili la rangi lina sababu. Ndizi ikikatwa mbichi huiva ndani na kuwa tamu, lakini nanasi likisha katwa haliongezi utamu. Litabadilika rangi na kulainika tu. Hoteli isipolitaja hilo italetewa mananasi mabichi yaliyokatwa mapema ili yavumilie safari, na wageni watayaacha sahani.

Samaki ndiye mwenye mtego mkubwa zaidi, na hapa tutakaa kidogo. Tuseme sahani 50 za changu kila usiku, kila sahani gramu 180 za mnofu mtupu. Hizo ni kilo 9. Samaki mzima akitolewa kichwa, matumbo, ngozi na miba, hubaki kiasi cha sehemu 40 katika 100. Basi kilo 9 za mnofu zatoka katika kilo 22 na nusu za samaki mzima.

Wauzaji wawili wajibu. Wa kwanza asema changu mzima ni shilingi 10,000 kwa kilo. Wa pili asema mnofu uliokwisha safishwa ni shilingi 22,000 kwa kilo. (Bei hizi ni za mfano tu, msizipeleke sokoni.) Kwa jicho la haraka wa kwanza ni rahisi mara mbili na zaidi. Hesabu yasema vingine: kilo 22.5 kwa 10,000 ni shilingi 225,000, na kilo 9 kwa 22,000 ni shilingi 198,000. Mwenye bei kubwa ndiye aliye rahisi, kwa shilingi 27,000 kila siku, na wapishi hawakupoteza saa wakipaa magamba. Ni kweli kwamba vichwa na miba hutoa supu, na hoteli yenye supu ya samaki katika orodha yake yaweza kumpendelea samaki mzima. Lakini iamue hivyo kwa kujua. Ndiyo sababu barua nzuri husema wazi: samaki mzima, au aliyetolewa matumbo, au mnofu mtupu, na uzito upimwe bila barafu. Neno hilo la barafu lisisahauliwe, maana barafu nayo hupanda mizani.

Sasa masharti ya kufikisha. La kwanza ni bei ya wapi. Mwenzetu wa Mkoani ana bei ya shambani, ana bei ya bandari ya Malindi mjini, na ana bei ya mlangoni mwa jiko. Kati ya hizo mna nauli ya chombo, wachukuzi, gari, na matunda yanayopondeka njiani. Barua isiposema, kila mmoja atataja ile inayompendeza. Hoteli karibu zote hutaka ya mlangoni mwa jiko, na mimi naona ni haki, ila muuzaji atie gharama zake zote humo kabla ya kujibu, wala asije kuzidai baadaye.

La pili ni saa, nalo liwe la mpaka: "kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi." Baada ya hapo mpokeaji ameingia kazi nyingine, na samaki atakaa juani. La tatu ni kupima na kukataa. Mzigo upimwe mbele ya watu wote wawili, kwa mizani ya hoteli, na uzito uandikwe katika hati inayotiwa saini na wote. Kinachokataliwa kikataliwe palepale na kirudi na gari lililokileta. Hoteli inayopokea leo na kukataa kesho kutwa kwa simu yamtwika mkulima hasara ya friji lake yenyewe.

Baki wingi wenyewe: je, kilo 119 ni ahadi au makisio? Hoteli haiwezi kuahidi wageni ambao hawajafika. Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha, wageni hupungua na hoteli nyingine hufunga. Lakini mkulima naye hawezi kuweka shamba kwa makisio matupu. Njia ya kati ni kutaja vyote viwili, makisio na kiwango cha chini, pamoja na saa ya mwisho ya kubadilisha oda.

Tukiyaunga hayo, sehemu ya nanasi katika barua yetu yaweza kusomeka hivi:

"Twaomba bei yako ya vyakula vifuatavyo kwa muda wa tarehe 1 Julai mpaka 30 Septemba. Nanasi bivu, kila moja kilo 1 na nusu hata 2, robo ya ganda au zaidi iwe manjano, bila jeraha. Makisio ni kilo 119 kwa juma: Jumatatu 51, Alhamisi 34, Jumamosi 34. Hatutanunua chini ya kilo 80 kwa juma. Mabadiliko ya oda tutayatoa kabla ya saa 8 mchana wa siku iliyotangulia. Bei iwe ya kilo moja, kwa shilingi, mzigo ukiwa mlangoni mwa jiko, nawe useme kama kodi imo au haimo. Mzigo ufike kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, upimwe mbele ya pande mbili, na kinachokataliwa kirudi siku ile ile. Malipo ni siku 14 baada ya kupokea ankara. Sema bei yako itadumu kwa muda gani. Majibu yatufikie kabla ya saa 10 alasiri, tarehe 10 Juni. Barua hii ni ya kuulizia bei, si oda."

Samaki naye huandikwa fungu lake kwa mtindo huo huo, akiongezewa kwamba aje ndani ya barafu. Barua moja, neno kwa neno, ipelekwe kwa wauzaji watatu au zaidi, maana ikibadilishwa kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule hapana tena ulinganisho.

Mstari wa malipo usomwe na mkulima kabla ya mingine yote. Tuseme nanasi ni shilingi 1,500 kwa kilo. Juma moja ni shilingi 178,500. Malipo yakiwa ya siku 30, majuma manne yatapita kabla hujaona kitu, na shilingi 714,000 zako zitakuwa zimelala hotelini huku wachumaji na mwenye gari wakidai zao. Kama huwezi kungoja, andika katika jibu lako bei mbili, moja ya siku 14 na moja ya siku 30. Mnunuzi mwenye busara hatakasirika, atachagua.

Na ukiletewa barua ya mistari miwili kama aliyoipata mwenzetu, usitaje bei. Jibu kwa kuuliza manne: uzito kwa kila siku ya kupeleka, sifa ya kitu, bei ya mahali gani, na siku za malipo. Uliza mapema, kabla tarehe ya mwisho haijakaribia, na majibu uyapate kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Katibu