Viatu kwa Mwenye Goti Lililosagika: Kandambili, Raba au Kabari?

Ugonjwa wa kusagika kwa goti hutokea pale gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, unapolika taratibu na kiungo kizima kudhoofika. Mara nyingi upande wa ndani wa goti ndio huumia zaidi, kwa kuwa mtu atembeapo uzito mwingi hupitia huko. Hapo ndipo kiatu kinapohusika, kwani mguu unavyokanyaga ndivyo goti linavyobeba mzigo.

Katika masoko ya Musoma, Bunda na Butiama kuna viatu vya aina mbili vinavyovutana. Upande mmoja ni kandambili na ndala, zenye soli nyembamba inayojikunja. Upande wa pili ni raba za mtumba, zenye soli nene na kisigino kilichoshikwa imara. Uchunguzi uliofanyika Chicago na kutangazwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wagonjwa wakitembea pekupeku, mzigo wa upande wa ndani wa goti hupungua kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na wanapovaa viatu vyao vya kawaida. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi waliamini kuwa soli bapa na laini, inayouacha mguu ujikunje kama uko pekupeku, ndiyo dawa.

Hata hivyo, mzigo unaopimwa maabara si sawa na maumivu ya mgonjwa. Mwaka 2021 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 164 wenye umri wa kuanzia miaka 50, ambao goti lao lilikuwa limesagika kwa kiwango cha kati hadi kikubwa. Nusu walivaa viatu bapa vinavyojikunja, na nusu viatu imara vyenye mto, kwa miezi 6. Waliopata nafuu ya kuridhisha wakati wa kutembea walikuwa asilimia 58 kwa viatu imara, na asilimia 40 kwa viatu bapa. Madhara, kama vile goti kuvimba au maumivu ya nyayo, yaliwapata asilimia 32 ya waliovaa viatu bapa, na asilimia 15 tu ya wenzao. Utafiti huo hauponyi gegedu, wala haukuwa na kundi lililobaki na viatu vyake vya zamani. Lakini unaonyesha wapi pa kuanzia.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 60 anayeuza dagaa Mwigobero, ambaye hushinda amevaa kandambili na goti la kulia humuuma akitembea. Anapochagua raba ya mtumba, na afanye majaribio matatu. Kwanza, aibonye sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino. Isibonyee kwa urahisi. Pili, aikunje: ijikunje kwenye vidole tu, si katikati. Tatu, aisokote kama anayekamua nguo, isikubali. Kisha aiweke mezani na kuitazama kwa nyuma. Ikiwa kisigino kimelika upande mmoja, aiache, kwa maana itaupindisha mguu kila hatua. Kisigino kirefu nacho hakifai, kwa kuwa huongeza mzigo wa goti.

Kabla ya kuanza, ayapime maumivu yake kwa alama kati ya 0 na 10. Avae saa chache kwa siku za mwanzo, kisha aongeze hadi saa 6 kwa siku. Baada ya miezi kadhaa, alama zikishuka kwa 2 au zaidi, kiatu kimemfaa. Maumivu yakizidi, akiache.

Kuhusu kabari, hiki ni kipande kinachowekwa ndani ya kiatu ili kuinua ukingo wa nje wa unyayo, kwa kawaida kwa nyuzi 5, sawa na takribani milimita 5 kwenye kisigino. Hupunguza mzigo wa upande wa ndani wa goti kidogo. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2011, pia la Melbourne, liliwafuatilia watu 200 kwa miezi 12, na kabari haikuwashinda waliopewa soli bapa ya ndani, si kwa maumivu wala kwa kulinda gegedu. Miongozo ya wataalamu wa Marekani ya mwaka 2019 haipendekezi kabari. Basi fedha ya kumlipa fundi akate kabari ni afadhali iongezwe kwenye bei ya raba iliyo imara.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo asibadili kiatu bila kukagua miguu yake kila siku, kwani huenda asihisi kidonda kinachoanza. Aidha, goti lililovimba ghafla na kuwa la moto, lenye homa, au lililokwama lisikunjuke, halitibiwi kwa kiatu. Mgonjwa afike hospitali bila kuchelewa.