Peti Keshi Bila Presha: Vidokezo 6 kwa Mtunza Kisanduku

Umekabidhiwa funguo za kile kisanduku cha nauli, chai na shajala? Hongera! Tuchukue ofisi moja ya Dar es Salaam yenye masurufu ya kudumu ya shilingi 200,000, tuifuate mpaka ifunge mwezi.

1. Kariri hesabu moja tu

Fedha taslimu iliyomo, ukijumlisha na vocha ulizokwisha kulipa, ni 200,000. Iwe saa tatu asubuhi au Ijumaa jioni, jibu halibadiliki. Hesabu kila siku kabla ya kufunga ofisi. Dakika tano zinatosha, na ukikosea leo bado unakumbuka nani alikuja dirishani.

2. Vocha kwanza, noti baadaye

Bodaboda hakupi risiti, wala konda wa daladala hana muda huo. Kwa hiyo vocha yenyewe ndiyo ushahidi, na ukiandika "nauli 6,000" peke yake umeandika nusu. Andika hivi: bodaboda, Kariakoo hadi benki Posta na kurudi, kupeleka hundi. Kisha kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini ya aliyepokea, na saini ya aliyeidhinisha, ambaye asiwe wewe. Mama wa chai naye asaini kila anapolipwa, pakiwa pameandikwa vikombe vingapi na vitafunwa vingapi. Kwenye duka la shajala dai risiti ya mashine, uitolee nakala siku hiyohiyo, maana maandishi yake hufifia na mkaguzi hasomi karatasi nyeupe.

3. Anayekwenda dukani aache saini

Kijana anachukua 20,000 kununua bahasha na bado hujui bei? Mpe hati ya muda, asaini, uiweke kisandukuni. Mpaka arudi, karatasi hiyo inahesabiwa kama fedha. Akirudi na risiti na chenji, andika vocha ya kiasi alichotumia kweli, kisha futa hati ya muda mbele yake. Ifungwe siku hiyohiyo. Na mwenzako akiomba "nikopeshe mpaka mshahara", mwambie kwa upole kwamba kisanduku hakikopeshi.

4. Upungufu unagawanyika kwa 9? Umekaribia!

Hapa ndipo watu wengi hutokwa jasho, kumbe kuna njia ya mkato. Mwisho wa mwezi daftari letu linasema nauli 68,000, chai 52,500, shajala 41,700. Jumla 162,200, kwa hiyo kisandukuni zibaki 37,800. Unahesabu noti mara mbili, unakuta 36,000. Pungufu 1,800!

Gawanya kwa 9: inatoka 200 kamili. Mara nyingi hiyo ni dalili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Pitia daftari ukilinganisha na risiti, na hii hapa: bahasha zimeandikwa 5,700, risiti inasema 7,500. Sahihisha kwa mstari mmoja na saini, bila kufutafuta. Shajala sasa ni 43,500, vocha zote ni 164,000, na ukiongeza zile 36,000 unapata 200,000 yako.

Isipogawanyika, tafuta vocha ambayo haikuandikwa au chenji iliyozidi. Na ukikosa kabisa, andika upungufu huo kama ulivyo, mkuu wako asaini. Tafadhali usitoe mfukoni mwako: ukiziba pengo kimyakimya, hakuna atakayejua linatokea wapi, na mwezi ujao litarudi.

5. Omba ulichotumia, hata kama hakina sifuri nzuri

Ombi lako la kujaziwa ni 164,000, si 200,000, wala 170,000 "ili iwe rahisi". Ukipewa 170,000, kisanduku kitakuwa na 206,000 na ile hesabu ya kidokezo cha kwanza imekufa. Kwenye leja, benki inapungua 164,000, na nauli, chai na shajala kila moja inabeba gharama yake. Akaunti ya masurufu haiguswi, inabaki 200,000. Kiasi hakitoshi kila mwezi? Omba masurufu yapandishwe kwa idhini tofauti, mbali na ombi la kujaziwa.

6. Usingoje kisanduku kikauke

Hundi husubiri watia saini, na mmoja wao daima yuko safarini! Peleka ombi zikibaki kama robo, yaani 50,000. Mwisho wa mwaka wa fedha jaza hata kama zimebaki nyingi, ili chai ya Desemba isiingie kwenye vitabu vya Januari. Fedha ikishatoka, kila vocha na kila risiti igongwe mhuri wa IMELIPWA, risiti hasa, kwa sababu ikichomolewa bila mhuri inaweza kurudi mwezi ujao na vocha mpya.