Dondoo muhimu: Maswali ya kujiuliza kabla ya kujaza PEPMIS

Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS, unataka kazi iliyofanyika, si sifa za mtu. Tumchukue muuguzi wa kliniki ya wajawazito kata ya Engutoto, jijini Arusha. Ameandika: “Nimehamasisha akina mama kuwahi kliniki.” Msimamizi ataipimaje sentensi hiyo?

Ajiulize kwanza: hali ilikuwaje nilipoanza? Afungue rejesta ya MTUHA. Tuseme Julai hadi Septemba, kati ya wajawazito wapya 60, waliofika kabla ya wiki ya 12 walikuwa 15. Aprili hadi Juni wakawa 27 kati ya 60. Namba ya pili bila ya kwanza haisemi kitu, na 27 bila ile 60 inaweza kudanganya.

Kisha: mimi nilifanya nini hasa? Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakijificha nyuma ya “tulifanya”. Aandike: “Nilizungumza na wajawazito mtaani mara 6, nikiongozana na wahudumu wa afya ya jamii.” Wenzake wametajwa, na sehemu yake inaonekana.

Ushahidi uko wapi? Ataje rejesta, miezi, na tarehe za mazungumzo hayo. Majina ya wagonjwa asiyanakili kamwe, jumla inatosha.

Swali gumu ni hili: nini kingine kingeweza kuleta ongezeko? Kama mashine ya ultrasaundi ilifika Machi, aitaje mwenyewe kabla msimamizi hajauliza.