SOMO: KUTOKA WINGU LA NUKTA HADI UMBO LINALOREKEBISHIKA



Somo letu la safari hii linahusu kazi ambayo imeanza kuingia katika karakana za viwanda vyetu. Kipuri kikivunjika na mchoro wake haupo, siku hizi hupelekwa mjini kikapigwa skana, na umbo lake likarudi ndani ya kompyuta. Wengi wetu tumeambiwa kuwa hapo kazi imekwisha. Haijaisha. Tutaeleza kwa mfano mmoja tulioushuhudia wenyewe.

Katika kiwanda kimoja cha chai, feni la kunyaushia majani lilisimama kwa sababu nyumba ya beringi ilipasuka mguu. Nyumba hiyo ni ya chuma cha kusubu, urefu wake milimita 240, nayo inashika beringi namba 6208. Ilipigwa skana, ikasubiwa nyingine kufuata umbo lililotoka kwenye skana, ikakerezwa, ikafungwa. Siku ya pili beringi ilikuwa inazunguka ndani ya nyumba yake, na feni linatetemeka kiasi cha kulegeza boliti. Majani yaliharibika, na vibarua wa zamu ile wakarudishwa nyumbani bila ujira. Lawama ya kwanza aliipata mkerezaji. Lakini mkerezaji alikereza sawasawa na faili aliyopewa. Kosa lilikuwa ndani ya faili.

Skana inaona nini?

Skana haioni tundu wala bapa. Inapima nukta moja moja juu ya uso wa chuma, na kila nukta ina vipimo vitatu: upande, kina na kimo. Nyumba yetu ilitoa nukta zaidi ya milioni tatu. Mkusanyiko huo ndio huitwa wingu la nukta.

Nukta zikiunganishwa tatu tatu, tunapata wavu wa pembetatu. Wavu unapendeza kwa macho, lakini haurekebishiki kwa urahisi. Tundu la beringi ndani ya wavu si duara: ni maelfu ya vipande vidogo. Ukitaka kulipunguza kwa nusu milimita, hakuna mahali pa kuandika kipimo. Umbo linalorekebishika ni lile ambalo tundu lake ni silinda yenye kipenyo kinachoandikwa kwa tarakimu, na mguu wake ni bapa lenye unene unaoandikwa kwa tarakimu.

Wapo wanaodhani kwamba kubonyeza amri moja ya kugeuza wavu kuwa umbo kunatosha. Katika programu ya FreeCAD amri hiyo ipo, inaitwa `Create shape from mesh`. Ukiitumia peke yake, kila pembetatu inakuwa uso wake. Faili inakuwa nzito hata kompyuta inakwama, na tundu bado si duara.

Hatua ya kwanza: kusafisha wingu

Mara ya pili tulikaa pamoja na fundi mitambo na kijana anayejua kompyuta, tukaanza upya na nukta zilezile. Tulitumia CloudCompare na FreeCAD, programu ambazo hazilipiwi.

Kwanza tulikata kwa mkono nukta za meza na za kibano. Kisha tukapitisha kichujio kinachoitwa `SOR filter`. Kichujio hiki hutazama kila nukta pamoja na jirani zake sita, na nukta iliyo mbali mno na jirani zake huondolewa. Baada ya hapo tukapunguza wingu kwa amri ya `Subsample`, tukiacha nafasi ya nusu milimita kati ya nukta na nukta. Zikabaki kama laki nne, nazo zinatosha kabisa.

Lakini kuna kosa moja ambalo kichujio hakiliondoi. Kipuri hupigwa skana upande wa juu, kikageuzwa, kikapigwa upande wa chini, halafu mawingu mawili yakaunganishwa. Yasipokaa sawa, ukuta mmoja huonekana mara mbili. Ukitazama kutoka nje hutaona kitu. Kata kipande chembamba cha wingu, ukitazame kwa ubavu kama mkate uliokatwa: ukiona mistari miwili inayokwenda sambamba mahali penye ukuta mmoja, rudi ukaunganishe upya. Usiendelee mbele, kwa sababu kila kipimo kitakachofuata kitakuwa cha uongo.

Hatua ya pili: kufunga wavu

Kabla ya kufunga wavu, kila nukta hupewa mshale mdogo unaoonyesha upande wa nje wa chuma. Mishale ikigeuka ndani mahali fulani, wavu hupinduka hapo. Kisha tukatumia njia ya Poisson, ambayo ilitangazwa mwaka 2006 na kuboreshwa mwaka 2013. Njia hii hugawa nafasi yote katika vijumba vya mraba, na kila ukipanda daraja moja, upana wa kijumba hupungua kwa nusu. Kwa kipuri cha milimita 240, daraja la 8 hutoa vijumba vya kama milimita moja, na daraja la 9 vya nusu milimita. Nukta zetu zilikuwa na nafasi ya nusu milimita, basi tuliishia daraja la 9. Kupanda zaidi kusingeongeza ukweli wowote. Kungenakili tu mikwaruzo na mtikisiko wa skana.

Jambo la kuangalia ni hili: njia ya Poisson huziba matundu kwa kukisia. Ndani kabisa ya matundu ya boliti skana haikufika, na wavu ukavimba pale kama povu. Uso wa namna hiyo haukupimwa na mtu. Ufute.

Hatua ya tatu: kujenga umbo jipya

Hapa ndipo kazi ya mwanzo iliharibika. Skana ilipima kipuri kilicholika. Feni lile huvutwa na mkanda kwa upande, na miaka mingi ya kuvutwa ilikuwa imekula tundu upande mmoja. Fundi alilipima kwa kipimo cha ndani: kutoka juu hadi chini milimita 80.02, lakini kwa mlalo 80.42. Mara ya kwanza kompyuta iliambiwa itafute silinda inayofaa nukta zote za tundu. Ikafanya wastani, ikatoa kipenyo cha 80.27, na kituo cha tundu kikasogea milimita 0.2 kuelekea palipolika. Kompyuta haikukosea hesabu. Iliulizwa swali lisilofaa.

Sisi tulifanya hivi. Tuliweka bapa la chini ya mguu mzima liwe ndio usawa wa kuanzia vipimo vyote. Kisha fundi akaonyesha kwa chaki, juu ya chuma chenyewe, sehemu ya tundu ambayo haijalika. Bado ilikuwa na alama za kisu cha mashine ya kereza. Tukachagua nukta za sehemu hiyo tu, tukafunga nusu-kipenyo kiwe 40, tukatafuta kituo peke yake.

Kwa nini 40? Kwa sababu kipimo hicho hakitoki kwenye skana. Kimo ndani ya namba ya beringi. Beringi 6208 ina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje 80, na upana 18. Nyumba inayoishika hukerezwa kwa kawaida katika kiwango cha H7, yaani tundu lisipungue 80.000 wala lisizidi 80.030. Skana tuliyotumia inaweza kukosea sehemu moja ya kumi ya milimita. Haiwezi hata kidogo kuamua kipimo cha namna hiyo. Skana inatuambia tundu liko wapi. Namba ya beringi inatuambia tundu ni kubwa kiasi gani.

Kimo cha kituo kutoka chini kilitoka 70.03. Tulikwenda kwenye nyumba pacha, iliyo upande wa pili wa ekseli, tukaipima: 70.0. Basi tukaandika 70. Matundu ya boliti za M12 yalikuwa yamekuwa ya yai; tukayaandika 13.5, nafasi ya kawaida kwa boliti hiyo. Sehemu nyingine tulizichora kwa kukata wavu vipande katika FreeCAD, tukafuata mistari ya vipande hivyo kwa mistari minyofu na tao. Mbavu na mabega ya nje, ambayo hayagusani na kitu, yalibaki kama skana ilivyoyaona.

Hatua ya nne: kuhakiki

Umbo likikamilika, lilinganishe na wingu la mwanzo. Katika CloudCompare amri yake ni `Cloud/Mesh Dist`, nayo hupaka rangi kulingana na umbali. Kwetu sehemu kubwa ilikuwa ya kijani, tofauti ikiwa chini ya 0.2. Ndani ya tundu, upande wa mkanda, palikuwa pekundu: 0.4.

Kijana wetu alishtuka, akataka kusahihisha. Fundi akamwambia, "Mwanangu, hapo hapo paache. Huo wekundu ndio ulaji wenyewe."

Hilo ndilo neno la kukumbuka. Umbo sahihi hutofautiana na wingu mahali palipolika. Ukiletewa ramani iliyo kijani kila mahali, hata pale unapojua kwa mkono wako kwamba chuma kimekwisha, ujue kilichonakiliwa ni ugonjwa pamoja na mgonjwa. Na wekundu ukitokea mahali ambapo hapajalika, hapo kweli kuna kosa, utafute.

Faili tuliyompelekea mkerezaji ilikuwa ya STEP, ambayo hubeba silinda na mabapa yenyewe, wala si STL ambayo ni pembetatu tupu. Pamoja nayo tuliandika kwenye karatasi vipimo vitatu visivyobadilishwa: tundu 80 H7, kimo 70, matundu ya boliti 13.5. Msubuji aliongeza mwenyewe nafasi ya chuma kusinyaa na ya kukereza. Beringi iliingia kwa kugongwa polepole kwa kipande cha mbao, na feni likazunguka bila kutetemeka.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Katika mashine unayoihudumia, ni kipuri gani kina pacha ambacho hakijalika?
2. Ni vipimo gani vya kipuri hicho vinatoka kwenye namba ya beringi, boliti au mkanda, na vipi vinatoka kwenye skana tu?
3. Kipuri kikipelekwa mjini, nani atakitia chaki palipolika kabla hakijaondoka?