Malipo ya M-PESA: Angalia Salio Kabla ya Kutoa Bidhaa

Wafanyabiashara wadogo wa Kaloleni, kuanzia vibanda vya ndani ya mtaa hadi upande wa Burma na Barabara ya Jogoo, hupokea sehemu kubwa ya malipo yao kwa simu. Wapo wanunuzi wanaoitumia hali hiyo kuwaibia. Mnunuzi huchukua bidhaa, simu ya muuzaji hulia, ujumbe husomeka kwamba pesa zimeingia, kisha jioni muuzaji akitaka kutoa pesa kwa wakala hugundua kwamba hakulipwa. Somo hili linaeleza jinsi ya kukagua malipo mnunuzi akiwa bado amesimama dukani.

Kwanza ni vyema kuelewa kwa nini ujumbe pekee hautoshi. Mtu yeyote anaweza kunakili maneno ya ujumbe halisi wa M-PESA, akabadilisha kiasi na jina, kisha akautuma kutoka laini ya kawaida. Ujumbe wa namna hiyo hutambulika kwa urahisi, kwa sababu juu yake huonekana nambari ya simu badala ya jina MPESA. Lakini wengine hutumia majina yanayofanana na hilo, na kuna mbinu za kutuma ujumbe kwa jina la kuigiza, ukaonekana kwenye simu pamoja na ujumbe wa kweli. Wengine hawatumi chochote, bali humwonyesha muuzaji picha kwenye simu yao wenyewe. Njia hizi zote zina kasoro moja: haziwezi kuongeza hata shilingi moja kwenye akaunti ya muuzaji. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike huko kwenye akaunti.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza gesi Kaloleni. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, ameangalia salio lake na kukuta Ksh 640. Mteja wa kwanza anataka mtungi wa kilo 6 pamoja na kichomeo, na bei ni Ksh 3,200. Baada ya dakika moja ujumbe unaingia ukisema amepokea Ksh 3,200.00, na mwisho wake umeandikwa hivi:

```
New M-PESA balance is Ksh8,450.00.
```

Hesabu ya kwanza haihitaji hata kubonyeza simu. Mia sita na arobaini ukijumlisha elfu tatu na mia mbili ni Ksh 3,840. Mwizi hajui salio la muuzaji, kwa hiyo hulikisia au huliacha kabisa. Muuzaji anayelijua salio lake la mwisho huona kosa hilo mara moja. Ndiyo sababu inafaa kuandika salio kwenye daftari kila asubuhi na baada ya kila mauzo makubwa.

Hatua ya pili ni kuuliza salio lenyewe. Mama huyu anapiga *334#, anachagua My Account, kisha Check Balance, na kuweka nambari yake ya siri. Mwenye simu ya kisasa anaweza kufungua programu ya M-PESA na kuangalia humo. Muuzaji asibonyeze kiungo kilichotumwa na mnunuzi, wala asimpe mnunuzi simu "amsaidie kuangalia."

Tuseme jibu linaonyesha Ksh 1,840. Hapa wengi hukosea. Wanaona salio limepanda, wanafurahi, wanatoa mtungi. Lakini limepanda kwa Ksh 1,200 tu, na hizo ni za jirani aliyejaziwa gesi jana akaahidi kulipa leo. Swali la kujiuliza si kama salio limepanda, bali kama limepanda kwa kiasi kilekile cha bidhaa inayotoka.

Kuna pia siku ambazo salio huwa dogo kuliko hesabu ingawa mteja amelipa kweli. Muuzaji aliyetumia Fuliza na bado hajalipa deni lake, pesa zinapoingia deni hukatwa papo hapo. Akiwa anadaiwa Ksh 500 na salio lake ni sifuri, malipo ya Ksh 3,200 yatamwachia Ksh 2,700. Akikimbilia kumwita mteja mwizi, atakuwa amemkosea mtu mwaminifu.

Kwa sababu hiyo hatua ya tatu ndiyo inayomaliza ubishi, nayo ni taarifa ya miamala. Kwenye *334#, ndani ya My Account, kuna taarifa fupi ya miamala ya karibuni, na kwenye programu ya M-PESA orodha hiyo huonekana pia. Humo malipo ya mteja yatakuwa na mstari wake, na makato ya Fuliza yatakuwa na mstari wake. Muuzaji alinganishe mstari huo na ujumbe alioupokea: kiasi, saa, na hasa msimbo wa muamala, ule wenye herufi na tarakimu kumi unaoanza ujumbe. Msimbo usiopatikana kwenye taarifa yake hauna malipo nyuma yake.

Taarifa husaidia pia wateja wawili wanapolipa kiasi sawa kwa wakati mmoja. Wote wanasema wametuma Ksh 1,200, lakini mstari ni mmoja tu. Jina lililo kwenye mstari huo litaonyesha nani amelipa. Jina likiwa tofauti na la mteja si lazima iwe wizi, kwani wengine hulipa kwa laini ya mke, mume au rafiki. Aulizwe tu laini imesajiliwa kwa jina la nani.

Mteja akisema "ni mtandao, zitaingia," bidhaa isubiri pamoja naye. Mtandao ukiwa umelala kiasi kwamba salio haliangaliki, muuzaji aombe pesa taslimu. Mfanyakazi aliyeachiwa duka bila laini inayopokea malipo asiridhike na simu ya mteja. Ampigie mwenye laini, naye akague kwanza ndipo aruhusu.

Ukaguzi huohuo utumike mtu anapodai ametuma zaidi kwa makosa na kuomba arudishiwe tofauti. Kama Ksh 5,200 hazimo kwenye taarifa, hakuna Ksh 2,000 za kurudisha. Zikiwemo kweli, aelekezwe kuomba marekebisho kupitia nambari 456 ya Safaricom, badala ya muuzaji kumtumia pesa nyingine.

Aliyepokea ujumbe wa uongo asiufute. Autume kwa nambari 333 ya Safaricom, ambayo hupokea ripoti za ulaghai. Ikiwa bidhaa imeshachukuliwa, aende kituo cha polisi kilicho karibu akiwa na ujumbe huo na taarifa ya miamala ya siku hiyo, na ahakikishe amepewa nambari ya OB. Kupata mali kwa hila ni kosa la jinai nchini Kenya, na ulaghai kwa njia ya kielektroniki umo pia katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka wa 2018.

Kwa yule mama wa gesi, ukaguzi wote unachukua muda mfupi. Kama mtungi na kichomeo vilimgharimu Ksh 2,800, na kila ujazaji humpa faida ya Ksh 200, akiibiwa mara moja itambidi ajaze mitungi 14 ndipo arudi alipokuwa.