Kuikagua Grafu ya Floraidi Iliyochorwa kwa Mkono

Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kwa sababu hupita katika miamba ya volkeno yenye madini hayo. Katika maeneo kama Maji ya Chai na Ngurdoto, madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto na watu wazima ni alama inayofahamika, na mtu aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi aweza kuathirika mifupa na viungo pia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Njia mojawapo ya kuipunguza nyumbani ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo hunasa floraidi, lakini hufika wakati ukajaa na kuacha kuinasa. Macho wala ulimi havitambui wakati huo. Hutambuliwa kwa kupima maji yaliyochujwa. Pale ambapo kifaa cha maabara hakitoi jibu moja kwa moja kwa miligramu, mpimaji huchora grafu kwa mkono na kulisoma jibu humo. Somo hili linaonyesha namna ya kuikagua grafu hiyo, kwa mfano tuliouandaa kwa ajili ya mafunzo.

Kipimo chenyewe

Kitendanishi kiitwacho SPADNS kikichanganywa na zirkoni hutoa rangi nyekundu. Floraidi huivuta zirkoni kutoka katika mchanganyiko huo, na rangi ikafifia. Kwa hiyo floraidi ikiongezeka, mwanga unaofyonzwa na rangi hupungua. Mpimaji huandaa kwanza myeyusho sanifu, yaani maji ambayo kiasi chake cha floraidi kinajulikana, kisha husoma kwenye kifaa ufyonzaji wa mwanga wa kila mmoja.

Katika mfano wetu, myeyusho wenye miligramu 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8, 1.0 na 1.2 kwa lita ilisomeka kwa mfuatano huu: 0.80, 0.74, 0.67, 0.61, 0.54, 0.48 na 0.42. Maji kutoka kwenye chujio la nyumbani yaliongezwa maji safi yasiyo na floraidi hadi yakawa mara mbili ya ujazo wake, kisha yakasomeka 0.53. Swali ni moja: je, chujio hilo bado linafaa?

Majina ya mihimili

Kiasi cha floraidi tulikipanga wenyewe, hivyo hukaa kwenye mhimili mlalo. Usomaji wa kifaa, ambao hutegemea kiasi hicho, hukaa kwenye mhimili wima. Mhimili mlalo uandikwe «Floraidi (mg/L)», si «Floraidi» pekee, kwa sababu namba isiyo na kizio haiwezi kulinganishwa na kikomo cha 1.5. Ufyonzaji wa mwanga hauna kizio, nao huandikwa kwa jina lake tu. Kichwa cha grafu kitaje tarehe na kitendanishi kilichotumika, na pembeni iandikwe kwamba sampuli iliongezwa maji mara mbili. Maelezo hayo yakikosekana, msomaji atachukua nusu ya jibu akadhani ni jibu zima.

Skeli

Mchoraji wa mfano wetu alianza mhimili wima kwenye 0 na kuupandisha hadi 1.0, kila sentimita 2 zikiwakilisha 0.2. Skeli hiyo ina hatua zilizo sawa, lakini nukta zote zimebanana ndani ya sentimita zisizofika 4, na kila mraba mdogo wa milimita 2 unabeba 0.02. Usomaji wa 0.53 hauangukii mstari wowote wa karatasi, itabidi kukisia.

Mhimili wima hapa haulazimiki kuanza kwenye sifuri. Ukianza kwenye 0.40 na kuishia 0.85, kwa sentimita 2 kila 0.05, nukta zitaenea zaidi ya sentimita 15 na kila mraba mdogo utabeba 0.005. Kinacholazimika ni hatua ziwe sawa toka mwanzo hadi mwisho, na namba ya kuanzia iandikwe waziwazi.

Nukta

Mkaguzi hulishika jedwali mkononi na kuifuata kila nukta kwenye karatasi. Katika grafu yetu, nukta ya miligramu 0.8 imewekwa kwenye 0.48, ilhali jedwali linasema 0.54. Chanzo cha kosa ni skeli: mchoraji alihesabu miraba minne juu ya 0.4 badala ya saba, kwa kuwa kila mmoja hubeba 0.02. Kila nukta iwekwe kwa msalaba mdogo wa penseli iliyochongwa. Nukta nene kama punje ya mtama huficha makosa ya namna hii.

Mstari unaofaa zaidi

Mchoraji aliunganisha nukta moja baada ya nyingine. Mstari wake ukashuka ghafla kutoka 0.6 hadi 0.8, kisha ukalala sambamba hadi 1.0. Kulala huko kungemaanisha kwamba maji yenye miligramu 0.8 na yenye 1.0 yana rangi ileile, jambo ambalo kipimo hiki hakiruhusu. Akisoma 0.53 kwenye mstari huo, anapata takriban 0.72. Akizidisha kwa mbili anapata 1.4, chini ya kikomo. Familia itaambiwa iendelee na chujio.

Mstari sahihi ni mmoja, mnyoofu, uliochorwa kwa rula katikati ya nukta, baadhi zikiwa juu kidogo na nyingine chini kidogo. Haulazimishwi kupita kwenye kila nukta, wala kuelekea kwenye makutano ya mihimili. Ukichorwa hivyo, nukta iliyokosewa hubaki peke yake mbali na mstari na kumrudisha mkaguzi kwenye jedwali. Kama jedwali nalo lingesema 0.48, myeyusho huo ungeandaliwa na kupimwa upya, si kufutwa kimyakimya.

Kwenye mstari sahihi, 0.53 hukutana na miligramu 0.84. Mara mbili yake ni karibu 1.7 kwa lita. Maji yamevuka kikomo, na mkaa wa chujio unapaswa kubadilishwa. Tena, kosa la 0.01 katika usomaji lingesogeza jibu kwa takriban 0.06 tu, kwa hiyo hukumu haibadiliki. Jibu lingekuwa 1.52, kipimo kingerudiwa kabla ya kutoa uamuzi.

Mwisho wa mstari

Mstari huishia penye nukta ya mwisho. Maji ya chemchemi ambayo hayajachujwa yanaweza kusomeka 0.25, chini ya usomaji wote wa jedwali. Mchoraji asiurefushe mstari kwa rula ili kuyafikia, kwa kuwa njia ya SPADNS hunyooka hadi miligramu 1.4 hivi kwa lita. Zaidi ya hapo rangi hukaribia kwisha na mstari hupinda. Sampuli hiyo iongezwe maji safi, mara tano au kumi, hadi usomaji wake uangukie kati ya nukta, kisha jibu lizidishwe kwa idadi hiyo hiyo.

Mhudumu wa afya au mgonjwa anayeletewa jibu la maji anaweza kuomba kuonyeshwa grafu pamoja na jedwali lake. Atazame kwanza iwapo kuna kizio na iwapo imeandikwa sampuli iliongezwa maji mara ngapi. Kisha alinganishe nukta mbili tatu na jedwali, na kuhakikisha kwamba jibu limesomwa kwenye mstari mnyoofu, ndani ya mipaka ya nukta.