Ukichelewa Kufika Mikumi: Namna ya Kumwandikia Mwenyeji Kutokana na Picha ya Uthibitisho

Wapo wengi wanaokwenda Mabwerebwere na vijiji vingine vya Kilosa kwa shughuli za kifamilia na kulala kwanza Mikumi, kwa sababu mabasi ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hupita hapo. Chumba hubukiwa kwa simu, na uthibitisho hupigwa picha ya skrini. Safari ikichelewa, msafiri humtumia mwenyeji picha hiyo pamoja na maneno mawili: "Nitachelewa kidogo." Maelezo haya yanajibu maswali yanayojitokeza hapo.

Kwa nini picha peke yake haitoshi?

Picha inaonyesha mlichokubaliana siku ya kubuki. Haisemi kilichobadilika. Anayeipokea mara nyingi ni mhudumu aliye zamu, mwenye simu ndogo na wageni wengine mbele yake. Akiona majina, tarehe na bei bila swali lolote, atajibu "sawa" na kuendelea na kazi. Saa nne usiku atafunga geti, na mlinzi hatakuwa na habari yako.

Kwa hiyo soma picha yako kwanza, kisha mambo yake yaandike kwa maneno.

Nisome nini kwenye picha?

Tafuta mambo matano: jina la aliyebuki, namba ya uthibitisho, tarehe ya kuingia na ya kutoka, saa za mapokezi, na namna ya malipo.

Tuchukue mfano. Picha inaonyesha kuingia Ijumaa tarehe 13 Machi, kutoka Jumapili tarehe 15 Machi, chumba kimoja, watu wawili, dola 50 kwa jumla. Kwenye mstari wa `Check-in` pameandikwa 14:00–22:00, na chini kidogo `Pay at the property`, yaani utalipia hapohapo ukifika. Basi lenu limechelewa kutoka stendi ya Magufuli, na mnakadiria kufika saa 23:30.

Mapokezi yanafungwa saa 22:00, nanyi mtafika saa moja na nusu baada ya hapo. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumwambia mwenyeji.

Saa niiandikeje?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mitandao ya kubuki hutumia saa 24 zinazoanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia mapambazuko. Saa 14:00 ni saa nane mchana, 22:00 ni saa nne usiku, na 23:30 ni saa tano na nusu usiku. Ukiandika "nitafika saa 11:30" kwa kuwa simu yako inaonyesha hivyo, mwenyeji atakutegemea saa kumi na moja na nusu jioni. Atakungoja, hatakuona, na huenda akahesabu kwamba hukuja.

Andika saa kwa namna zote mbili, na useme ni usiku au mchana: saa tano na nusu usiku, yaani 23:30.

Tarehe nayo ina mtego wake. Basi likiharibika njiani mkafika saa sita na dakika arobaini usiku, kalenda ya simu itasema tayari ni tarehe 14. Chumba chenu bado ni cha usiku wa tarehe 13. Ukiandika "tutafika tarehe 14", mwenyeji anaweza kuelewa kwamba usiku wa kwanza hamji. Andika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", na hapo hapana wa kukosea.

Ujumbe wenyewe uweje?

Uwe mfupi, uanze na salamu, na umalizike kwa maswali yanayohitaji jibu. Kwa mfano wetu:

> Habari za kazi, ndugu mwenyeji. Nimebuki chumba kimoja kwa watu wawili, kuingia Ijumaa 13 Machi, kutoka Jumapili 15 Machi. Jina na namba ya uthibitisho viko kwenye picha. Basi letu limechelewa. Tutafika saa tano na nusu usiku (23:30), usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Tunaomba chumba kisitolewe kwa mwingine.
> Naomba kuthibitishiwa: 1. Nani atatufungulia, na namba yake ya simu ni ipi? 2. Tumwambie konda atushushe wapi? 3. Jumla ni dola 50, tukilipa papo hapo kwa simu ni shilingi ngapi? Asante sana.

Swali la pili lina uzito wake Mikumi. Basi la Iringa au Mbeya halimalizii safari hapo, na usiku konda asipoambiwa mapema unaweza kupitishwa. Kutoka Morogoro hadi Mikumi ni kama kilomita 120, na sehemu ya barabara hiyo inapita katikati ya hifadhi ya taifa, ambako madereva hulazimika kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama wanaovuka. Kwa hiyo usitaje saa ya kufika kwa kukadiria kutoka Dar es Salaam tu. Ukifika Morogoro, piga simu urekebishe.

Nifiche nini kabla ya kutuma picha?

Uthibitisho wa Booking.com, kwa mfano, una namba ya uthibitisho na pia `PIN code`. Namba ya uthibitisho mpe mwenyeji. Hiyo PIN ni yako: mwenye namba zote mbili anaweza kuingia kwenye nafasi yako na kuibadilisha au kuifuta. Ikate kwenye picha au ifute kwa rangi. Fanya vivyo hivyo kwa namba za kadi ya benki.

Aliyebuki si anayelala. Je?

Mara nyingi mtoto aliye Muscat au Nairobi humbukia mzazi. Jina lililo kwenye picha ni la mtoto, na anayefika getini usiku ana kitambulisho chenye jina jingine. Nyumba za wageni huandika wageni kitabuni kwa kitambulisho, kwa hiyo mlinzi ana haki ya kusita. Ongeza mstari mmoja wenye jina la atakayelala, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake.

Nitajuaje kwamba nimeeleweka?

Jibu zuri hurudia saa yako na kutaja mtu: "Sawa, saa tano na nusu usiku, mlinzi atawafungulia, namba yake ni hii." Ukijibiwa "karibu" tu, piga simu. Ujumbe wenyewe utume kupitia programu uliyobukia, kwa kuwa hapo hubaki kumbukumbu ikiwa baadaye utaambiwa hukutoa taarifa.

Ukijibiwa kwa kiungo cha kulipia au namba mpya ya kutuma fedha "ili chumba kisipotee", rudi kwenye picha. Kama inasema utalipia ukifika, usilipe. Matapeli huweza kuingia hata kwenye akaunti za hoteli na kuandika kwa jina la hoteli. Piga namba ya hoteli iliyo kwenye uthibitisho na uulize.

Na kama hatutafika kabisa usiku huo?

Sema mapema, na useme kama usiku wa pili bado mnauhitaji. Mgeni asiyetokea wala kutoa taarifa huweza kufutiwa siku zote alizobuki, si ule usiku mmoja tu. Ikiwa uthibitisho una neno `Non-refundable`, fedha hairudi kwa kawaida, lakini mwenyeji aliyearifiwa anaweza kukubali kusogeza tarehe. Jibu lake lipate kwa maandishi kabla hamjatafuta mahali pengine pa kulala.